Kabla hujamnunulia mgonjwa wa figo saplimenti, uliza: itatokea wapi?

Ile chumvi niliinunua mimi. Wacha nianze hapo, ndio usidhani nimekuja kuwasomea watu wengine makosa yao.

Mathe ana miaka 56. Amekaa na kisukari miaka 14 na presha karibu muda huo huo. Mwaka jana kliniki walimwambia figo zake zimechoka, eGFR yake ni 22. Kama hujawahi kusikia hiyo kitu, eGFR ni namba inayokadiria figo zinachuja damu kwa kiwango gani. Kijana mwenye afya huwa na 90 kwenda juu. Ikishuka chini ya 15, hapo ndipo stori ya dayalisisi huwa karibu sana. Kwa hivyo 22 ni hatua ya nne kati ya tano. Bado unatembea, unaenda kanisani, unapika, unagombana na mwenye nyumba. Kwa macho huwezi kujua mtu ni mgonjwa.

Walimwambia apunguze chumvi. Akapunguza. Wiki mbili baadaye alikuwa anakula sukuma akiwa amekunja uso kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo. Mimi nikaona niwe mtoto mzuri. Nikaingia supamaketi, nikapata pakiti ya chumvi yenye picha ya moyo, imeandikwa ina sodiamu kidogo. Bei yake ilikuwa mara kadhaa ya chumvi ya kawaida, nikajiambia afya haina bei. Mathe alifurahi. Chakula kilirudi kuwa na ladha, na kwa sababu ilikuwa "chumvi ya wagonjwa", hakuionea huruma.

Haikuishia hapo. Niliacha chuo mwaka wa pili, na moja ya hasla zangu ilikuwa kuuza saplimenti kwa statasi ya Wasapu. Nilikuwa na tembe za magnesiamu, zile za "lala vizuri, misuli ilegee". Mathe alikuwa analalamika misuli ya miguu inamkaza usiku. Nikampa chupa moja, bure kabisa. Tembe moja ilikuwa na miligramu 400, nikamwambia ameze mbili kila jioni. Wiki hiyo hiyo shangazi akaja na chupa ya plastiki yenye maji ya kahawia, dawa ya "kusafisha figo" aliyonunua stendi kutoka kwa mzee anayeaminika. Watu wawili, zawadi tatu, zote za mapenzi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, na hakuna aliyeuliza kliniki.

Siku ya 17 mathe alikaa kwa ngazi.

Tunaishi orofa ya tatu. Alifika ya pili akakaa chini, akasema miguu imekuwa mizito kama ya mtu mwingine. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa analala mchana, kitu ambacho hafanyi. Nikapima sukari, ikawa 8.4, nikatulia. Jioni akasema moyo unaruka, "unapiga, unasahau, halafu unakumbuka kwa nguvu". Hapo nikaita teksi.

Hospitalini walichukua damu ya UEC, kile kipimo kinachoonyesha yurea, chumvi za damu na kreatinini. Potasiamu ilirudi 7.1. Kiwango cha kawaida ni kama 3.5 hadi 5. Walichukua damu tena haraka, kwa sababu chembe za damu zikipasuka ndani ya sindano zinamwaga potasiamu na namba inadanganya. Ya pili ikasema 7.0. Wakati huo walikuwa wameshamwekea zile waya za kifua za kupima moyo, na mawimbi kwenye karatasi yalikuwa marefu na yenye ncha kama paa la hema. Daktari hakungoja. Alidunga kalsiamu ili kuulinda moyo usisimame, kisha insulini pamoja na glukosi ili potasiamu isukumwe kutoka kwa damu iingie ndani ya chembe, na akampa salbutamoli ya kuvuta, ile ile ya watu wa pumu, kwa sababu nayo husukuma vivyo hivyo. Baadaye nilielezwa kwamba hizo zote ni za kununua muda tu. Hazitoi potasiamu mwilini, zinaificha kwa saa chache. Ya kuitoa ilibidi afanyiwe dayalisisi usiku huo.

Katikati ya hizo mbio daktari aliuliza, "Anatumia dawa gani nyingine?" Mimi na shangazi tukajibu pamoja: hakuna. Na hatukuwa tunadanganya! Kwa akili zetu chumvi ni chakula, magnesiamu ni vitamini, na ile chupa ni mitishamba. Hakuna "dawa" hapo. Ni nesi mmoja aliyebadilisha swali. Akasema, "Nileteeni kila kitu kinachoingia mdomoni mwake kutoka kwa pakiti, chupa ama karatasi." Ndugu yangu akatuma mfuko na boda. Ulipomwagwa mezani nilitamani sakafu inimeze.

Sasa hoja yangu ni hii. Sisi vijana tunaponunua saplimenti huwa tunauliza maswali mawili: inasaidia nini, na je, ni ya asili? Kwa mtu mwenye figo zinazofanya kazi, pengine maswali hayo yanatosha. Kwa mgonjwa wa figo hayo ni maswali ya pembeni. Swali lake la kwanza ni: hii kitu ikishaingia, itatokea wapi? Kama mlango wake wa kutokea ni figo, na mlango umebaki upenyo tu, basi hata kitu kizuri kinajazana ndani hadi kinageuka sumu. Na vitu vitatu vinavyopita hapo mara nyingi bila kusimamishwa ni potasiamu, magnesiamu na mitishamba isiyojulikana.

Anza na potasiamu, kwa sababu ndiyo karibu imuue mathe. Karibu asilimia 90 ya potasiamu tunayokula hutolewa na figo. Moyo hutumia tofauti ya potasiamu iliyo ndani ya chembe na iliyo nje ili kupiga kwa mpangilio, na ile ya nje ikizidi, mpangilio unavurugika. Shida ni kwamba unaweza kufika 6.5 bila kuhisi chochote. Kukosa dalili si ushahidi kwamba uko sawa. Damu ndiyo inasema.

Chumvi niliyonunua haikuwa imepunguzwa sodiamu kwa uchawi. Nusu yake ilikuwa imeondolewa, na pengo likajazwa potasiamu kloraidi. Ilikuwa imeandikwa nyuma ya pakiti, kwa maandishi ya size ya mchwa: asilimia 50. Mtaalamu wa lishe pale wodini aliipima pakiti kwenye mizani. Ilikuwa ya gramu 350, zikabaki 265. Yaani mathe alitumia gramu 85 kwa siku 17, gramu 5 kwa siku, kijiko cha chai hivi. Nusu ya hizo, gramu 2.5, ni potasiamu kloraidi. Na katika potasiamu kloraidi, zaidi kidogo ya nusu ya uzito ni potasiamu yenyewe. Hesabu inakuja kama miligramu 1,300 kwa siku, juu ya ile iliyo kwenye chakula.

Ili uelewe ukubwa wake: tembe za potasiamu zinazouzwa Marekani bila cheti cha daktari kwa kawaida huwa na miligramu 99. Ningemletea mathe tembe 13 za potasiamu kila asubuhi, angenifukuza. Lakini kwa kijiko, ndani ya mboga, alikula kiasi hicho hicho na akanibariki.

Halafu kuna kitu kingine ambacho sikujua. Mathe anakunywa losatani ya presha. Hiyo dawa ni nzuri kwa watu wa figo, inapunguza kasi ya kuharibika, lakini pia inazifanya figo zishike potasiamu zaidi. Enalaprili hufanya hivyo, na spironolaktoni hufanya hivyo kwa nguvu zaidi. Kwa hivyo mlango ulikuwa umebaki upenyo, dawa ikaupunguza kidogo kwa sababu ya maana, halafu mimi nikaja kumwaga gunia. Na tafadhali, usisome hapa ukaenda kumwambia mzazi wako aache losatani. Kosa halikuwa la losatani. Kosa lilikuwa kuongeza kitu bila kumuuliza mtu anayejua kwamba losatani ipo.

Niwe mkweli pia kuhusu hiyo chumvi, si takataka. Huko China ilifanyiwa utafiti mkubwa katika vijiji 600, watu karibu 21,000, na matokeo yake yakachapishwa mwaka wa 2021. Waliotumia chumvi yenye robo ya potasiamu kloraidi walipata kiharusi kidogo kuliko waliotumia chumvi ya kawaida, pungufu ya asilimia 14. Ni kitu kikubwa. Lakini waliojulikana kuwa na ugonjwa mbaya wa figo hawakuwekwa ndani ya utafiti huo. Na Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo Januari 2025 likipendekeza chumvi za aina hii kwa watu wazima, liliwaacha nje wagonjwa wa figo. Yaani chumvi ile ile, pakiti ile ile, ni dawa kwa jirani na ni hatari kwa mathe. Picha ya moyo pale mbele haiwezi kukuambia wewe ni nani kati ya hao wawili.

Na usidhani mambo haya ni ya supamaketi pekee. Upande wa mathe ni Kakamega. Kule mboga za kienyeji hupikwa kwa munyu musherekha, yale maji yanayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe ama ya ndizi. Mrenda bila hiyo si mrenda. Lakini majivu ya mimea ni potasiamu iliyokusanyika. Hata jina potasiamu lenyewe lilitokana na majivu yaliyochemshwa kwenye chungu. Mtaalamu wa lishe alipouliza "mnapika na nini", shangazi alitaja munyu kwa fahari, na yule dada akaandika kitu kwa kalamu nyekundu.

Twende kwa magnesiamu. Hii ndiyo inaniuma zaidi kwa sababu nilikuwa naiuza. Kwenye UEC haimo. Ukitaka kujua magnesiamu lazima iagizwe peke yake, na nesi ndiye aliyeomba iongezwe baada ya kuona chupa yangu. Ilirudi 2.4, wakati kawaida ni kama 0.7 hadi 1. Ndiyo maana mathe alikuwa analala mchana na miguu ilikuwa mizito. Nilimpa ili alale vizuri, na kweli alilala, lakini si kwa sababu niliyodhani.

Daktari alimgonga goti kwa kile kinyundo, mguu ukatikisika kidogo tu. Nikauliza kwa nini anaangalia goti. Akanieleza kitu ambacho kimenikaa. Wodi za uzazi hutumia magnesiamu kwa mama wajawazito wenye kifafa cha mimba, na ni dawa inayookoa maisha. Lakini kabla ya kuongeza dozi, wakunga huangalia mambo matatu: mama anapumua vizuri, goti linaitika, na mkojo unatoka wa kutosha. Kwa nini mkojo? Kwa sababu magnesiamu hutokea hapo. Figo zikisimama, dozi ya jana bado iko ndani wakati unaongeza ya leo. Ikizidi, goti linanyamaza kwanza, halafu pumzi inakuwa nzito, halafu moyo unapunguza mwendo.

Wataalamu wanafanya hivyo wodini, na mama akiwa chini ya macho yao. Mimi nilikuwa natuma tembe kwa boda hadi Rongai na kuandika "haina madhara, ni madini tu". Sikuwahi kumuuliza mteja hata mmoja habari ya figo.

Na magnesiamu ina milango mingi ya kuingilia. Ile dawa nyeupe ya kiungulia unayopewa kemisti bila maswali, aina nyingi zinayo. Dawa nyingi za kulegeza choo zinayo. Chumvi ya Epsom ambayo watu hunywa "kusafisha tumbo" ni magnesiamu salfeti. Mathe alikuwa pia anatafuna tembe za kiungulia baada ya chapati, zilikuwa ndani ya ule mfuko, na tulipogeuza pakiti tukakuta magnesiamu hapo. Kila moja peke yake ungesema ni kidogo. Mwili haukuhesabu moja moja, ulijumlisha.

Sasa ile chupa ya kahawia. Daktari aliishika, akaitikisa, akauliza ndani kuna nini. Shangazi akasema mizizi. Mizizi gani? Ya kusafisha figo. Daktari hakumdharau, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema tu, "Mama, siwezi kuhesabu kitu nisichokijua." Hakuweza kusema ile chupa iliongeza potasiamu ama haikuongeza. Hakuweza kusema kama iliumiza figo ama haikuumiza. Hadi leo hatujui. Na hilo ndilo tatizo lenyewe la mitishamba kwa mgonjwa wa figo: potasiamu na magnesiamu unaweza kuzipima na kuzitoa, lakini kwa chupa isiyo na jina hujui hata utafute nini.

Kuna kisa cha Ubelgiji ambacho kila muuza mitishamba anafaa kukijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja ya kupunguza uzito jijini Brussels ilikuwa inawapa wanawake tembe zenye mitishamba ya Kichina. Mmoja wa mimea hiyo ulifaa kuwa stefania. Kwa sababu majina ya Kichina ya mimea hiyo miwili yanafanana, ndani ya tembe kukaingia aristolokia. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo, wengi wao hadi kufikia dayalisisi ama kupandikizwa figo, na baadaye baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Hawakuwa wagonjwa wa figo walipoanza. Na haikuwa stendi, ilikuwa kliniki ya mjini Ulaya. Kama kosa la jina linaweza kufanya hivyo pale, fikiria chupa ambayo haina hata jina.

Na hata mmea ukiwa ndio wenyewe, safi kabisa, swali la mlango halijaisha. Mwaka wa 2000 madaktari Marekani waliandika kuhusu mgonjwa wa figo aliyekuwa na potasiamu juu ilhali alisisitiza anafuata lishe yake vizuri. Ikaja kuonekana anakunywa juisi ya noni. Walipoipima, ilikuwa na potasiamu ya kutosha kulingana na juisi ya machungwa na ya nyanya, zile ambazo wagonjwa hao huambiwa waepuke. Hapa kwetu noni inauzwa kwa wagonjwa hao hao. Unga wa majani makavu kama mlonge nao ni hivyo hivyo: ukikausha majani, maji yanaenda, potasiamu inabaki imebanana kwenye kijiko.

Najua mtakachoniambia. Msee, hospitali ni ghali, foleni ni ndefu, daktari ana dakika tano, lakini yule mzee wa stendi anakusikiliza. Ni kweli, na sitabisha. Shangazi alienda stendi kwa sababu kule aliulizwa mgonjwa anaendeleaje, na alijibiwa kwa lugha yake. Lakini angalia bili. Chupa ya shilingi 500, tembe zangu za bure na chumvi ya supamaketi zilituletea usiku mmoja wa dayalisisi ya dharura, siku sita za kitanda na harambee ya Wasapu. Kuuliza kwanza kungekuwa rahisi kuliko yote hayo.

Wengine mtasema babu zetu walitumia miti na wakaishi. Waliotumia, ndiyo. Lakini babu mwenye kisukari cha miaka 14 na eGFR ya 22 alikuwa haishi muda mrefu wa kutosha kukupa ushuhuda. Na mimi sisemi miti haina nguvu. Nasema ina nguvu, ndiyo maana naiogopa ikiingia kwa mtu ambaye mlango wake umefungwa nusu. "Ya asili" si jibu. Potasiamu pia ni ya asili.

Basi ufanye nini? Nitakuambia tunachofanya kwetu sasa, si zaidi.

Tuna mfuko mmoja wa kitambaa unaoning'inia mlangoni. Kila pakiti, chupa na karatasi inayoingia mdomoni mwa mathe inakaa humo ama inapigwa picha: dawa za kliniki, za kiungulia, chumvi, unga wa uji wenye "virutubisho", kila kitu. Siku ya kliniki mfuko unaenda naye. Hatungoji kuulizwa "dawa gani nyingine", tunaumwaga mezani wenyewe.

Kabla ya kitu kipya kuingia kwa mfuko, tunasoma nyuma, si mbele. Kwenye lebo, potasiamu inaweza kujificha kama herufi K, kama KCl ama kama E508. Magnesiamu ni Mg, na huwa nyuma ya majina kama oksaidi, sitreti ama hidroksaidi. Kikitaja moja ya hizo, ama kisipotaja chochote, ama kikisema "mchanganyiko wa siri wa mimea", hakiingii hadi kliniki ama mfamasia mwenye leseni akione pamoja na namba za mathe za karibuni. Namba ni muhimu. Ukimuuliza mfamasia "hii ni sawa?" bila kumwambia eGFR ni 22 na kuna losatani, atakujibu kuhusu mtu mwingine.

Na si kwamba kila kitu ni marufuku. Mathe anameza madini ya chuma na vitamini D, kwa sababu kliniki ilipima ikaona anazihitaji. Kuna wagonjwa wa figo wenye potasiamu ya chini, hasa wanaofanya dayalisisi ya tumboni, na hao wanaweza kuambiwa waiongeze. Ndiyo maana huwezi kunakili orodha ya mgonjwa mwingine. Unapima, ndipo unaamua. Na daktari akibadilisha dawa ya presha, uliza UEC inarudiwa lini. Mara nyingi ni wiki moja hadi mbili.

Na kama umeshampa mtu wako, usione aibu hadi umzike. Miguu mizito ghafla, moyo unaoruka, usingizi usioeleweka, kupumua kwa shida kwa mgonjwa wa figo: hiyo ni ya hospitali siku hiyo hiyo, na ukifika useme kwanza alichokunywa. Mimi nilipoteza karibu saa nzima nikisema "hakuna".

Mathe yuko nyumbani. eGFR sasa ni 20, ilikuwa 22. Hizo mbili hakuna anayejua kama zitarudi. Anapika kwa limau, kitunguu saumu na dania, na bado anakunja uso. Misuli inayokaza usiku aliitaja kliniki, wakaishughulikia wenyewe.

Bado nauza vitu kwa statasi, kodi hailipwi na majuto. Lakini sasa kila mteja wa magnesiamu namuuliza ni ya nani, ana miaka mingapi, ana kisukari ama presha, amewahi kupimwa figo. Wiki jana mmoja alinijibu ni ya baba yake, ana presha ya miaka mingi, hajawahi kupimwa. Nikamwambia ampeleke UEC kwanza. Akasema nina maswali mengi kuliko polisi, akaenda kununua kwa mwingine.

Wewe unayeuza, huyo mteja huenda alikuja kwako. Ulimuuliza?